Uso wa Babu kwa Matofali 2,880

Mtu anayetaka kujenga sura ndani ya Minecraft siku hizi halazimiki kujua kuchora. Anaipa programu picha, anabonyeza, na picha inarudi ikiwa imekatwa miraba, kila mraba na rangi yake moja, tayari kujengwa tofali kwa tofali. Ukiipa programu hiyo nyumba, ua au bendera, kazi inatoka safi bila kuguswa. Ukiipa uso wa mzee mweusi aliyevaa kofia nyeupe, utapata kofia nzuri sana, na chini yake uso uliopaukia majivu au uliokolea hadi macho hayaonekani. Nimeshughulikia picha za aina hiyo kiasi cha kujua kwamba jambo hili lina sababu zake, na kila sababu ina dawa.

Tuanze na vitu vyenyewe. Picha ya simu ni miraba midogo mno iitwayo pikseli, na kila pikseli ina namba tatu zinazotaja kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Vokseli ni pikseli iliyopewa unene: badala ya mraba kwenye karatasi, ni mchemraba unaoweza kusimama mbele au nyuma ya mwenzake. Minecraft, mchezo ulioanza kuonekana mwaka 2009 kutoka kwa Msweden Markus Persson, umejengwa wote kwa michemraba ya mita moja, ndiyo maana watu wengi wakisikia vokseli huukumbuka mchezo huo. Kugeuza picha kuwa sura ya vokseli kunahitaji maamuzi mawili kabla ya mengine yote: picha igawanywe katika miraba mingapi, na miraba hiyo igawane rangi ngapi. La kwanza ndilo watu wanalolihangaikia. La pili ndilo linaloharibu nyuso zetu.

Picha nitakayoifuata ni ya babu yangu, mzaa mama. Ni ya studio, imeketi miaka mingi kwenye albamu, nikaipiga upya kwa simu mchana karibu na dirisha. Babu amevaa kanzu na kofia nyeupe, ndevu zake zimejaa mvi, nyuma yake kuna pazia la kijani lililofifia. Baada ya kukata kingo nilibaki na picha ya pikseli 960 kwa upana na 1,200 kwa urefu. Uso wenyewe, sikio hadi sikio, unachukua pikseli 480, yaani nusu ya upana.

Ukubwa wa gridi huchaguliwa kwa kuangalia jicho, kwa kuwa jicho ndilo kitu kidogo kuliko vyote ambacho hakina budi kusomeka. Wachoraji wana kanuni ya zamani kwamba upana wa uso ni kama macho matano, na kwa babu inakaribia kweli: jicho lake moja lina pikseli 96. Nikiigawa picha katika miraba 24 kwa 30, kila mraba unameza pikseli 40 kwa 40, na jicho zima linabaki na miraba miwili na kitu. Miraba miwili haiwezi kuonyesha weupe wa jicho, mboni, kisha weupe tena. Inaonyesha doa. Nikienda 48 kwa 60, mraba unakuwa pikseli 20, jicho linapata karibu miraba mitano, na mboni ya pikseli 40 inapata miraba miwili kamili. Hapo babu anaanza kutazama. Nikiongeza tena hadi 96 kwa 120, jicho linapata miraba tisa na zaidi, lakini matofali yanaruka kutoka 2,880 hadi 11,520, na kazi inaanza kufanana na picha iliyopoteza ubora badala ya sura iliyojengwa. Kwangu mimi hilo ni hasara mara mbili.

Kwa hiyo nikiona jicho halitoshi, naanza kwa kukata picha kabla ya kuongeza gridi. Mabega na pazia vinakula miraba bila kusema lolote kuhusu mtu. Ukiikata picha ili uso uchukue theluthi mbili ya upana, matofali yanabaki 2,880 yale yale na jicho linanenepa.

Kwamba miraba michache inaweza kubeba sura ya mtu si jambo jipya. Mwaka 1973 Leon Harmon wa Maabara za Bell kule Marekani alichapisha picha ya Rais Abraham Lincoln iliyogawanywa miraba mikubwa ya kijivu. Ukiitazama kwa karibu ni vigae tu. Ukikodoa macho au ukirudi nyuma, Lincoln anajitokeza. Harmon na mwenzake Bela Julesz walieleza mwaka huo huo kwamba kingo kali za miraba ndizo zinazolisumbua jicho: zinaongeza mistari ambayo haimo usoni, na ukiififisha mistari hiyo kwa umbali, sura iliyokuwamo inabaki peke yake. Mchoraji Salvador Dalí aliitumia picha hiyo hiyo mwaka 1976 katika mchoro mkubwa ambao, kwa mujibu wa jina lake, ukiwa umbali wa mita 20 unageuka kuwa Lincoln. Kwa mjenzi wa matofali funzo lake ni la moja kwa moja. Usiihukumu kazi ukiwa umeinamia skrini. Rudi nyuma hatua nne au tano ndipo uamue.

Kuna jambo la gridi ambalo programu nyingi hazikuulizi, nalo ni mahali mistari inapopita. Mboni ya babu ina upana wa miraba miwili. Kama mistari ya gridi inapita sawasawa na kingo za mboni, nitapata miraba miwili myeusi iliyo safi. Lakini mistari ikisogea nusu mraba, mboni hiyo hiyo inaangukia miraba mitatu: nusu, kamili, nusu. Miraba ya pembeni inachanganya weusi wa mboni na weupe wa jicho kuwa kijivu, na babu anaonekana mwenye mtoto wa jicho. Picha haijabadilika, imesogea pikseli 10 tu.

Dawa yake ni kuisogeza picha pikseli chache chini ya gridi hadi mboni ikae. Tabu ni kwamba macho ni mawili. Kati ya mboni na mboni babu ana pikseli 210, sawa na miraba kumi na nusu, hivyo jicho moja likikaa vizuri lazima la pili lipotoke. Niliipunguza picha nzima kidogo ili pikseli 210 ziwe 200, miraba kumi kamili, kisha nikakata upya fremu ya 960 kwa 1,200 na kujaza upungufu wa pembeni kwa rangi ya pazia. Macho yote mawili yakakaa. Hii ni kazi ya dakika chache, na sijui marekebisho mengine yanayolipa kiasi hicho. Nyusi nazo zipewe heshima hiyo. Watafiti wa chuo cha MIT walichapisha mwaka 2003 jaribio lililoonyesha kwamba watu walishindwa zaidi kumtambua mtu maarufu alipofutwa nyusi kuliko alipofutwa macho. Katika sura ya matofali, nyusi iliyofifia kwa kuchanganyika na ngozi inamfanya mtu awe mtu yeyote.

Mtu mwenye kompyuta anaweza kufanya hatua hii yote bila programu maalumu, kwa lugha ya Python na maktaba ya Pillow:

```python
from PIL import Image
picha = Image.open("babu.jpg").convert("RGB")
ndogo = picha.resize((48, 60), Image.Resampling.BOX)
chache = ndogo.quantize(12, method=Image.Quantize.MEDIANCUT,
                        dither=Image.Dither.NONE)
kubwa = chache.convert("RGB").resize((960, 1200),
                                     Image.Resampling.NEAREST)
kubwa.save("babu-matofali.png")
```

Neno `BOX` linamaanisha kwamba rangi ya kila mraba ni wastani wa pikseli zote 400 zilizomo. Ukiacha wastani na kuokota pikseli moja ya katikati, unyoya mmoja wa ndevu au mng'ao wa jasho unaweza kuamua rangi ya tofali zima. `NEAREST` mwishoni inaikuza picha bila kulainisha kingo, ili uione kama itakavyojengwa. Namba 12 katikati ndiyo idadi ya rangi, na hapo ndipo matatizo ya babu yalipoanzia.

Njia inayoitwa `MEDIANCUT` ilielezwa na Paul Heckbert mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kompyuta nyingi hazikuweza kuonyesha rangi zaidi ya 256 kwa mara moja. Inachukua rangi zote za picha, inazipanga kufuata upande zinakotofautiana zaidi, kisha inazikata katikati ili kila nusu iwe na idadi sawa ya miraba. Kila nusu inakatwa tena, na tena, hadi yapatikane mafungu 12. Kila fungu linatoa rangi moja. Ni njia ya haki kwa idadi, na ndiyo kasoro yake. Katika miraba 2,880 ya babu, pazia lilichukua kama 1,300, kanzu 500, kofia 220, ndevu 100. Uso na shingo vilibaki na 760, zaidi kidogo ya robo. Rangi 12 zikigawanywa kwa wingi wa watu wa kila upande, uso unapata takriban tatu. Pazia, ambalo hakuna anayelijali, linapewa vivuli vitano vya kijani.

Uso wa mtu kwa rangi tatu hauna shavu. Una sehemu yenye mwanga, sehemu ya kati na giza, na mpaka kati yake unakatiza paji la uso kama ramani.

Ongezea hapo hali ya picha zenyewe. Kamera ikiona kanzu na kofia nyeupe inapunguza mwanga ili weupe usiungue, na uso mweusi unazama. Picha za filamu zilikuwa na mzigo mwingine: kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi zetu hazikuwamo kwenye kipimo. Ndiyo maana kabla ya kugawa miraba ninafungua giza la uso kwanza, kwa kupandisha vivuli peke yake katika programu yoyote ya kuhariri picha, na kuuacha weupe wa kanzu ulipo. Ukisubiri hadi rangi zipungue umechelewa. Shavu na shingo zikishaangukia rangi moja, hakuna kitufe cha kuzitenganisha tena.

Dawa ya mgawo ni kuukata uso kutoka kwenye picha na kuupunguzia rangi peke yake. Nilitengeneza nakala mbili: moja uso na shingo tu, nyingine kila kitu kisicho uso. Uso nikaupa rangi sita. Kofia, kanzu, ndevu na pazia vikagawana nne. Jumla ni kumi, pungufu ya zile 12 za mwanzo, na babu akapata mashavu, mfupa wa shavu na kivuli chini ya pua. Pazia likabaki kijani kimoja bapa, na hakuna aliyelililia.

Hadi hapa rangi zimetoka kwenye picha yenyewe. Ukienda kujenga ndani ya mchezo huna uhuru huo, kwa sababu tofali lina rangi lililotoka nayo. Wanaoanza huchukua zege, ambalo lina rangi 16 zilizo safi na tambarare. Programu inapima kila mraba wa picha dhidi ya rangi hizo 16 na kuchagua iliyo karibu. Ukaribu unapimwa hivi: tofauti ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja inazidishwa kwa yenyewe, kisha zote zinajumlishwa. Jumla ndogo ndiyo mshindi.

Tuchukue mraba mmoja wa paji la uso la babu, penye mwanga wa dirisha. Wastani wake ni 138, 94, 72, kahawia yenye joto. Zege la kahawia, ambalo kwenye mchezo linaitwa `Brown Concrete`, lina 96, 60, 32. Tofauti ni 42, 34 na 40, na jumla ya mraba wa kila moja ni 4,520. Zege la kijivu kilichofifia, `Light Gray Concrete`, lina 125, 125, 115. Tofauti ni 13, 31 na 43, jumla 2,979. Kijivu kimeshinda. Mraba wa shavu, wenye 92, 58, 42, uko karibu sana na zege la kahawia na unakwenda huko. Mraba wa kivuli cha shingo, 60, 38, 28, unaponyoka tena: dhidi ya kahawia unapata 1,796, dhidi ya kijivu kilichokolea unapata 1,581, na shingo inakuwa rangi ya lami.

Nilimwonyesha mama toleo hilo akiwa amesimama mlangoni. Akalitambua mara moja, kisha akasogea.

"Ni baba huyu," akasema. "Mbona mmempaka majivu?"

Swali lake lina majibu mawili, na yote mawili yanahitajika. La kwanza ni kipimo. Jumla ile ya tofauti tatu inachukulia kwamba kupungua mwanga na kubadilika rangi ni kosa la uzito mmoja, wakati jicho la mtu halioni hivyo. Binadamu anavumilia paji la uso kuwa na giza kidogo kuliko picha, ila havumilii liwe kijivu. Mwaka 1976 tume ya kimataifa ya mwangaza, CIE, ilipitisha mfumo uitwao Lab, unaotenganisha mwanga na rangi na kujaribu kuufanya umbali wa namba ufanane na umbali unaoonekana. Nikiupima mraba ule ule wa paji kwa Lab, umbali wake hadi zege la kahawia unakuwa karibu 16, na hadi kijivu karibu 24. Kahawia inashinda. Programu nyingi za kugeuza picha zina sehemu ya kuchagua kipimo, na mara nyingi kile cha jumla ya kawaida ndicho kilichowekwa tangu mwanzo. Badilisha.

Jibu la pili ni kwamba kipimo kizuri hakiwezi kuchagua rangi isiyokuwapo. Kwa Lab, paji la babu limekuwa kahawia, na shavu nalo ni kahawia lile lile, hivyo uso umepona majivu na umekuwa bapa. Zege lina kahawia moja tu kwa ngozi zote za dunia. Hapa ndipo yanapoingia matofali ya udongo wa kuchoma, `Terracotta`. Hayo yana rangi 16 za kupakwa pamoja na moja ya asili, na karibu zote zimevutwa upande wa udongo, kwa hiyo hata majina yake yanapotosha: `Gray Terracotta` ni kahawia iliyokolea, yenye 58, 42, 36, wala haina ukijivu wa kuonekana kwa mbali. Pima tena miraba yetu. Shingo dhidi ya hilo inapata 84 mahali ambapo zege bora lilipata 1,581. Paji dhidi ya udongo usiopakwa kitu, wenye 152, 94, 68, linapata 212 badala ya 2,979. Shavu linabaki kwenye zege la kahawia, lililokuwa karibu tangu awali.

Rangi sita za uso wa babu zikawa hizi, kutoka gizani kwenda kwenye mwanga. `Black Terracotta` kwa nyusi, mboni na matundu ya pua. `Gray Terracotta` kwa shingo na chini ya kidevu. `Brown Terracotta` kwa pembeni mwa uso. `Brown Concrete` kwa mashavu. `Terracotta` ya asili kwa paji na mfupa wa pua. `Light Gray Terracotta`, ambayo ni kahawia iliyopauka kama vumbi, kwa ule mng'ao mdogo wa juu ya shavu, na hii itumike kwa uchoyo: ikizidi miraba kumi na tano uso unapoteza mafuta yake. Kwa kofia na kanzu nilitumia zege jeupe na kijivu chepesi kwa mikunjo, na ndevu zikagawana hizo hizo mbili.

Programu itakuuliza pia kama unataka kuchanganya madoa ili kuiga rangi zilizokosekana. Njia maarufu ni ya Robert Floyd na Louis Steinberg ya mwaka 1976: kila mraba unapokosea rangi, kosa lake linagawiwa majirani wanne, kwa sehemu 7, 3, 5 na 1 kati ya 16, ili wao wakosee upande wa pili na jicho liunganishe. Kwenye picha yenye nukta ndogo sana inafanya maajabu. Kwenye gridi ya 48 kila nukta ni tofali zima, na jicho haliunganishi kitu. Shavu la babu lilipata madoa ya udongo juu ya kahawia kama mtu anayeugua surua. Kwenye pazia iache ikipenda. Usoni izime.

Unene sasa, kwa kuwa bila unene tumetengeneza zulia la kutundikwa. Programu nyingi zinakisia kina kwa mwanga: kilicho cheupe kinatoka mbele, cheusi kinarudi nyuma. Mtu hahitaji hesabu kuona kitakachompata babu. Kofia na ndevu zinachomoza kama rafu mbili, uso unaingia ndani kati yake, na mboni zinakuwa mashimo. Mwanga si kina, na kwa uso mweusi ni kinyume chake kabisa.

Kina nilikiweka kwa mkono, kwa tabaka. Pazia ni 0. Mabega 1. Pembeni mwa uso na ndani ya tundu la jicho 2. Uso wenyewe na kofia 3. Ndevu na kingo za pua 4. Ncha ya pua 5. Nilijitahidi tofali na jirani yake wapishane tabaka moja tu, kwa sababu mchezo unaongeza kivuli kwenye kila kona, na ngazi ya tabaka mbili au tatu inachora mstari mweusi usoni ambao hukuuomba. Picha moja ya mbele haina habari ya pembeni, kwa hiyo kazi hii inabaki nusu sanamu. Inapendeza mtazamaji akizunguka kidogo kulia au kushoto. Akifika ubavuni kabisa anaona ngazi.

Mwisho ni ukuta unaotazama wapi. Katika toleo la Java la Minecraft, upande wa juu wa tofali unapewa mwanga wote, pande za kaskazini na kusini zinapewa asilimia 80, na za mashariki na magharibi asilimia 60. Sura ile ile, matofali yale yale, ikitazama mashariki inapoteza robo ya mwanga ambao ingekuwa nao ikitazama kaskazini. Uso mweupe unalistahimili hilo. Uso wenye rangi nne kati ya sita zilizo gizani tayari unamezwa: `Black Terracotta` na `Gray Terracotta` zinakuwa kitu kimoja, na nyusi zinapotelea kwenye kivuli cha tundu la jicho. Sura ya babu inatazama kusini.

Kwa wanaotengeneza programu hizi nina ombi. Wekeni sehemu ya kuchorea mpaka wa uso na kuupa hesabu yake ya rangi, na kipimo cha Lab kiwe ndicho kinachowashwa tangu mwanzo. Si kazi ngumu, na ingewafaa watu wengi sana ambao leo wanaona nyuso za wazee wao zikitoka majivu na kudhani picha ndiyo mbovu. Na wewe unayetaka kujaribu leo usiku, anza na gridi ya 48 kwa 60, uso ukipewa rangi zisizopungua sita, kisha mwite mtu anayemjua mwenye sura hiyo, asimame mlangoni, na usimwambie ni nani.